Tabaka la Tatu

Leo nimeingia studio na kikapu. Ndani yake mna machungwa 20 ya Muheza na kijiti kimoja cha mshikaki. Fundi mitambo wetu amenitazama, akauliza kama nimekuja kutangaza au kufungua genge. Nimemjibu kwamba nimekuja kuzungumzia shaba na kobalti, metali mbili zinazochimbwa pamoja kwenye ardhi ya Kolwezi na Likasi kule Katanga, zinatoka shimo moja, tena mara nyingi kwenye jiwe moja. Atomu zao zina ukubwa unaokaribiana sana. Hata hivyo, ukiziweka kwenye joto la kawaida, shaba inapanga atomu zake kwa namna moja na kobalti kwa namna nyingine. Tofauti iko kwenye tabaka la tatu tu.

Redio haina picha, kwa hiyo leo wewe ndiye utakayechora. Chukua karatasi kama unayo. Kama una machungwa, ni bora zaidi.

Jana niliyanunua haya kwa mama mmoja sokoni. Yeye alikuwa ameyapanga mafungu ya piramidi, na nilipomuuliza kwa nini anayapanga vile alinishangaa. "Baba, mbona sijapanga kitu? Unaliweka tu, lenyewe linajua pa kukaa." Sijawahi kupata maelezo mafupi kuliko hayo kuhusu fuwele. Chungwa linateremka mpaka kwenye kibonde kati ya machungwa matatu, linatulia. Atomu za metali nyingi nazo ni hivyo hivyo, kila moja inatafuta kugusana na wenzake wengi iwezekanavyo.

Basi tupange. Tandika taulo kwenye sinia ili yasikimbie. Tabaka la chini ni pembetatu yenye machungwa 4 kila upande, jumla 10: mstari wa 4, wa 3, wa 2, kisha 1. Ukitazama kutoka juu utaona moja la katikati kabisa, limezungukwa na 6. Tabaka la namna hii ndilo lililobanana kuliko yote, huwezi kulizungushia chungwa moja majirani 7 wanaoligusa mezani. Tuliite tabaka hili A.

Sasa tazama vibonde, maana hapa ndipo siri ilipo. Kila mahali machungwa matatu yanapogusana pana kibonde. Vibonde hivyo ni vya aina mbili. Vingine vinaelekeza ncha juu kama pembetatu yenyewe, vingine vinaelekeza ncha chini. Katika pembetatu yetu ya machungwa 10, vya kwanza ni 6 na vya pili ni 3. Vya kwanza tuviite B, vya pili C. Ukiweka chungwa kwenye kibonde cha B, vibonde vya C vilivyo jirani vinafunikwa nusu, huwezi tena kuweka chungwa hapo. Kwa hiyo lazima uchague, B au C, na ukishachagua, tabaka zima limechagua. Mama wa sokoni anachagua B kwa sababu anapata kuweka machungwa 6. Hilo ndilo tabaka la pili.

Mpaka hapa hakuna tofauti yoyote duniani kati ya shaba na kobalti. Zote zina A, kisha B. Hata ungechagua C badala ya B, ungeuzungusha tu mrundo na kupata kitu kile kile.

Chukua sasa kijiti cha mshikaki. Mjukuu wangu ndiye aliyegundua mchezo huu jana usiku, mimi nilikuwa na nia ya kueleza kwa maneno tu. Tazama tabaka la pili kutoka juu, lenye machungwa 6. Nalo lina vibonde vya aina mbili. Vitatu vinaelekeza ncha juu, kimoja cha katikati kinaelekeza ncha chini. Chomeka kijiti wima kwenye vile vitatu. Kitapita, kitapita tena kwenye tabaka la chini, mpaka kigonge sinia. Hivyo ni vibonde vya C, vile vitatu vya tabaka la kwanza ambavyo hatukuvitumia, bado viko wazi tangu chini mpaka juu kama bomba. Chomeka sasa kwenye kile kimoja cha katikati. Kijiti kinashuka kidogo, kinagota kwenye chungwa. Chungwa gani? Lile la katikati kabisa la tabaka la kwanza, lililo pahala pa A.

Tabaka la tatu, kwa hiyo, lina njia mbili. Ama lizibe mabomba ya C kwa machungwa matatu, kisha juu yake uweke moja la mwisho na piramidi ya 20 itimie. Ama liache mabomba wazi, chungwa likae pale katikati, wima juu ya lile la chini kabisa. Njia ya kwanza inasomeka A, B, C, na ukiendelea inarudi A tena: A B C A B C A B C. Ni mzunguko wa hatua tatu. Njia ya pili ni nenda rudi: A B A B A B A B. Mama wa sokoni hana muda na ya pili, maana pale juu angepata nafasi ya chungwa 1 badala ya 3.

Mpangilio wa A B C wataalamu wanauita mchemraba wenye atomu katikati ya kila uso. Najua unajiuliza mchemraba umetoka wapi kwenye mrundo wa pembetatu. Fikiria boksi lenye atomu kwenye pembe zote 8 na nyingine katikati ya kila uso, nyuso ni 6, jumla 14. Lisimamishe boksi hilo juu ya pembe moja. Ukihesabu tabaka kwa tabaka kutoka juu utapata 1, kisha 6, kisha 6, kisha 1. Yale ya 6 ni pembetatu kama ya pili tuliyoipanga, moja imegeuzwa. Ni mrundo ule ule, umetazamwa kwa kuinamisha kichwa. Hivyo ndivyo zilivyojipanga shaba, fedha, dhahabu, alumini, nikeli na risasi. Mpangilio wa A B A B unaitwa wa pembesita, na humo mna zinki, magnesi, titani na kobalti.

Usidhani mpangilio mmoja umebanana kuliko mwingine. Yote miwili inajaza asilimia 74 ya nafasi na kuacha asilimia 26 tupu. Johannes Kepler alidai mwaka 1611 kwamba hakuna mrundo wa mipira unaoweza kubanana zaidi ya huo. Mama wa sokoni angemwambia hilo bure, lakini wanahisabati walihangaika nalo karibu miaka 400 mpaka Thomas Hales alipotoa uthibitisho mwaka 1998.

Sasa jiulize: atomu yenyewe inajuaje iko kwenye mpangilio gani? Jifanye wewe ni chungwa la katikati ya mrundo mkubwa. Pembeni unagusana na 6, chini yako 3, juu yako 3. Jumla 12, katika mipangilio yote miwili. Tofauti ni kwamba katika pembesita watatu wa juu wamekaa wima juu ya watatu wa chini, na katika mchemraba wamegeuziana. Lakini wewe huwagusi zaidi wala pungufu. Ukitazama nyuma ya hao 12, utakuta kundi la pili la majirani 6, umbali ule ule katika mipangilio yote. Ni kwenye kundi la tatu ndipo mambo yanapoachana. Katika pembesita utaona majirani wawili, mmoja juu na mmoja chini, umbali wa mara 1.63 ya unene wako. Hao ndio wale wa tabaka la tatu waliokaa wima nawe. Katika mchemraba hawapo kabisa.

Yaani atomu inatakiwa ichague nyumba kwa kumtazama jirani wa mtaa wa tatu. Nguvu zinazoshikilia atomu za metali hufifia haraka kadiri umbali unavyoongezeka, kwa hiyo faida ya kuchagua sawasawa ni ndogo mno. Kwa kobalti, joto linalohitajika kuigeuza kutoka pembesita kwenda mchemraba ni jouli mia nne na kitu kwa kila moli. Kuiyeyusha kunahitaji kama jouli 16,000. Na chochote kinachoamuliwa kwa faida ndogo namna hiyo huamuliwa vibaya mara kwa mara. Hapo ndipo tunapokutana na kosa la mpangilio wa matabaka.

Andika tafadhali: A B C A B C A B C. Matabaka tisa ya shaba yasiyo na doa. Sasa weka kiganja chako kati ya tabaka la nne na la tano, usukume yote ya juu hatua moja fupi, ili lililokuwa B liwe C, lililokuwa C liwe A, na lililokuwa A liwe B. Utapata A B C A, kisha C A B C A. Soma yote pamoja: A B C A C A B C A. Umeona pale katikati? C A C A. Nenda rudi! Ndani ya shaba pamezaliwa kipande chembamba cha pembesita, unene wa matabaka manne, kisha mzunguko unaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Hakuna atomu iliyopungua kwa ajili ya msukumo huo, wala nafasi iliyofunguka, wala chungwa lililopoteza jirani wa kugusana naye. Kila moja bado lina 12. Kilichoharibika ni utaratibu tu.

Unaweza kupata kosa hilo hilo kwa njia nyingine, kwa kunyofoa tabaka zima. Ukifuta B ya katikati katika mfululizo wetu, yaliyobaki yatakaa hivyo hivyo. Unaweza pia kuchomeka tabaka la ziada pasipo pake, na hilo ni kosa la aina ya pili, lenye vurugu kidogo zaidi. Leo tubaki na lile la kusukuma, maana ndilo linalotokea kila siku mtu anapokunja waya.

Gharama ya kosa hilo imepimwa. Kwa shaba ni kama milijouli 45 kwa kila mita ya mraba ya kosa. Kufungua uso mpya wa shaba, yaani kuipasua, kunagharimu kama 1,700 kwa kipimo hicho hicho, kwa hiyo kosa ni rahisi karibu mara 40. Fedha ni rahisi zaidi, kama 20. Alumini ndiyo ghali, vipimo vyake vinacheza kati ya 120 na 200. Shikilia namba hizi mbili, 45 ya shaba na 150 hivi ya alumini, tutazirudia.

Kwanza lazima tujue matabaka yanasukumwaje. Metali inapokunjwa, tabaka halitelezi lote kwa mpigo. Ukitaka kusogeza zulia zito sebuleni, huliburuti zima. Unainua mkunjo upande mmoja na kuusukuma mpaka utokee upande wa pili, na zulia limesogea kidogo. Ndani ya metali iko mikunjo kama hiyo, mistari ambapo upande mmoja atomu zimeshateleza na upande mwingine bado. G. I. Taylor, Egon Orowan na Michael Polanyi walilifikia wazo hilo mwaka mmoja, 1934, kila mmoja kivyake.

Rudi kwenye machungwa. Chungwa limekaa kwenye kibonde cha B, linataka kuhamia kibonde cha B kinachofuata. Njia iliyonyooka inapanda juu ya chungwa la chini, ni kilima. Njia rahisi ni kupinda, liteleze kwenye bonde la C lililo pembeni, lipumue hapo, kisha lipinde tena na kuingia B mpya. Jaribu kwa mkono, vidole vyako vitaisikia njia hiyo bila kuambiwa. Hatua mbili fupi badala ya moja ndefu. Mwaka 1948 R. D. Heidenreich na William Shockley, huyu wa pili ndiye yule wa transista, walionyesha kwamba mkunjo katika metali za mchemraba hugawanyika kweli kuwa nusu mbili zinazofuatana. Ya mbele inahamisha atomu kutoka B hadi C. Ya nyuma inamalizia kutoka C hadi B.

Na kati ya hizo mbili kuna nini? Kuna atomu zilizokwama C, mahali pasipo pao. Yaani ni utepe wa kosa la mpangilio. Nusu mbili zinasukumana, hazipendi kukaa karibu. Utepe kati yao unagharimu, kwa hiyo unazivuta zirudiane kama mpira. Kosa likiwa rahisi, mpira ni dhaifu na utepe unapanuka. Kosa likiwa ghali, utepe unabanwa. Katika shaba upana wake ni nanometa chache, kama atomu 10 hivi. Katika alumini ni mwembamba kiasi kwamba nusu mbili karibu zimekumbatiana.

Sasa tuzione namba zile zikifanya kazi. Chukua kipande cha waya mnene wa shaba, ule wa nyaya za umeme za chini ya ardhi, kama urefu wa kiganja. Uchome mpaka uwe mwekundu, uuache upoe. Utakuwa laini, unakunjika kwa vidole viwili. Ukunje katikati, kisha jaribu kuunyoosha. Pale pale ulipokunja pamekataa! Waya unanyooka pembeni ya mkunjo, kulia na kushoto, na wewe unabaki na kigongo katikati. Sehemu iliyokunjwa imekuwa ngumu kuliko jirani zake, ndani ya sekunde moja, bila kuongezwa kitu.

Kilichotokea ni msongamano. Mikunjo ya ndani imekutana, imezuiana njia. Mkunjo ukizuiwa unaweza kukwepa kwa kuhamia tabaka jingine linalokatiza, kama dereva anavyoingia barabara ya pembeni. Piramidi yako ya machungwa 20 inaonyesha barabara hizo: ina nyuso nne na kila uso una machungwa 10 yaliyobanana sawasawa. Katika mchemraba kuna pande nne za kuteleza. Lakini mkunjo uliogawanyika hauwezi kukata kona ukiwa umetanda kama utepe, kwa sababu ule utepe una maana kwenye tabaka lake tu. Lazima kwanza nusu mbili zibanwe ziwe moja. Katika alumini hilo ni rahisi, utepe ni mwembamba, mikunjo inakwepana na metali inagoma polepole. Katika shaba ni kazi zaidi. Katika shaba ya manjano, ile yenye zinki asilimia 30, gharama ya kosa imeshuka chini ya 20, utepe ni mpana, na mikunjo inakaa kwenye foleni. Ndiyo maana fundi anayefua dele la kahawa kwa nyundo hawezi kumaliza kwa mkupuo mmoja. Anafua, linagoma, analirudisha motoni, anafua tena. Akishupaza nyundo, linapasuka.

Na zinki yenyewe je, ile iliyo kwenye bati la nyumba? Hiyo ni ya pembesita, nenda rudi, na katika pembesita pande zilizobanana namna hii ni moja tu: tabaka la chini na yote yaliyo sambamba nalo. Ukiegemeza mkono ubavuni mwa mrundo wa A B A hutakuta uso kama wa chini. Kuteleza kukizuiwa upande huo, metali lazima itafute njia nyingine ngumu zaidi. Magnesi kwa sababu hiyo haipendi kukunjwa ikiwa baridi, viwandani huipasha moto kwanza.

Nimeiacha kobalti kwa makusudi, ndiyo niliyoijia.

Kobalti ikiwa juu ya nyuzi 420 hivi za selsiasi inapenda mchemraba, A B C. Ikipoa chini ya hapo inapenda pembesita, A B A B. Itabadilikaje ikiwa ngumu, nyuzi zaidi ya 1,000 chini ya kiwango chake cha kuyeyuka, ambapo atomu haziwezi kutembea ovyo? Kwa kosa lile lile tuliloliandika kwenye karatasi. Umeona kwamba kusukuma tabaka mara moja kunazaa kipande cha pembesita. Sukuma tena baada ya matabaka mawili, na tena baada ya mawili, mpaka mwisho. Andika A B C A B C. Sukuma kuanzia la tatu: A B, A B C A. Sukuma kuanzia la tano: A B A B, A B. Imekwisha! Mchemraba mzima umekuwa pembesita kwa makosa yaliyopangwa kwa mpangilio. Kwa kobalti iliyo karibu na nyuzi hizo, gharama ya kosa inashuka mpaka karibu sifuri, kwa sababu kipande cha mchemraba na kipande cha pembesita vinakaribia kuwa na thamani moja.

Tatizo ni kwamba hakuna msimamizi wa kuhesabu "mawili, sukuma, mawili, sukuma". Ubadilishaji unaanzia mahali pengi kwa pamoja. Huku wameanza na A B, kule wameanza na B C, kwingine C A. Wakikutana hawalingani. Na mahali fulani msukumo unaruka zamu, anabaki mtu wa mchemraba kati ya watu wa pembesita. Kwa hiyo kobalti baridi imejaa makosa kuliko karibu metali nyingine yoyote safi. Ikiwa unga laini sana, sehemu yake kubwa inaweza hata isibadilike kabisa, ikabaki mchemraba kwenye joto la chumba.

Haya yalijulikanaje, wakati atomu hazionekani? Mwaka 1942, katikati ya vita, O. S. Edwards na Henry Lipson walimulika kobalti kwa eksirei. Fuwele nzuri hurudisha eksirei kwa mistari myembamba, kila mstari kwa pembe yake. Kobalti ilirudisha baadhi ya mistari ikiwa myembamba kabisa na mingine ikiwa imetapakaa kama wino kwenye karatasi yenye maji. Kama fuwele zingekuwa ndogo tu au zimepondeka, mistari yote ingetapakaa. A. J. C. Wilson aliipigia hesabu mwaka ule ule. Mistari iliyobaki myembamba ni ile isiyoweza kutofautisha A, B na C, kwayo tabaka ni tabaka tu, na matabaka yalikuwa safi. Iliyotapakaa ni ile inayotegemea zamu. Kutokana na kiasi cha kutapakaa unaweza kukadiria kosa liko kila baada ya matabaka mangapi, na njia hiyo bado inatumika maabara mpaka leo. Miaka kama 15 baadaye hadubini za elektroni zikaonyesha makosa yenyewe katika chuma cha pua, yakiwa mikanda yenye milia myeusi na myeupe, imekatika ghafla kila upande. Ule ukingo wa mkanda ni nusu ya mkunjo.

Kabla saa haijanifunga, niseme jambo moja kwa wasikilizaji wetu wa Kolwezi, maana wengi wao wanaijua kobalti kama kitu cha betri za simu na magari. Kwenye betri kobalti haiko kama metali, imeungana na oksijeni, na habari ya leo haiihusu. Kobalti metali iko mahali pengine mnapopajua vizuri zaidi, kwenye meno ya mashine zinazotoboa mwamba. Meno hayo ni chembe za kabidi ya tangsteni zilizogandishwa pamoja kwa kobalti. Ndani yake, kwa kuwa kobalti imemeza tangsteni na kaboni kidogo wakati wa kuchomwa, nyingi yake inabaki mchemraba hata ikipoa. Kisha jino linaanza kugonga mwamba, na kwa mapigo hayo matabaka yanasukumwa, kosa juu ya kosa, mpaka sehemu zake zinageuka pembesita humo humo mgodini, zikitoboa jiwe ambalo ndani yake mna kobalti nyingine.